Kuvuka Lualaba kwa sekunde nane

Fungua programu yoyote inayotengeneza video kutokana na maandishi, uandike: "Mtumbwi unavuka Mto Lualaba mjini Kindu." Subiri kidogo. Kitakachorudi kwa kawaida kinapendeza macho na hakifanani na Kindu hata kidogo. Maji yatakuwa ya buluu, ng'ambo kutakuwa na nyasi za mbuga, mpiga kafi atakuwa ameketi kama mtalii aliyekodi boti kwa saa moja, na kamera itakuwa inapaa angani ingawa hakuna aliyetaja droni. Mtu wa Kindu akiiangalia ataona kasoro kabla ya sekunde ya pili kwisha.

Mwandishi wa sentensi hiyo ataona ameeleweka vibaya. Ukweli ni kwamba ameeleweka vizuri, ila alisema machache mno. Sentensi yake ina mtumbwi, mto na tendo la kuvuka. Haisemi mtumbwi wa namna gani, nani yumo, kamera iko wapi, wala nini kinasogea na nini kimetulia. Programu haiwezi kuacha pengo lolote wazi, kwa sababu kila nukta ya kila fremu lazima ipate rangi. Pale usipojaza wewe itajaza yenyewe, na itajaza kwa kile ilichokiona mara nyingi zaidi ilipokuwa ikifunzwa. Kuhusu mito ya Afrika imeona filamu nyingi za wanyama na matangazo ya utalii. Maniema, mkoa wa Kindu, imeiona kidogo sana.

Katika sura hii tutashughulika na shoti moja tu. Tuseme wavushaji wa Alunguli wanataka video fupi ya kuonyesha abiria waliovaa majaketi ya kuokolea, yale ambayo wengi mjini wanayaita jile. Video itatumwa kwenye simu, katika makundi ya familia na ya makanisa. Shoti yenyewe inaonyesha mtumbwi ukitoka Alunguli kuja Kasuku, na jile zionekane. Basi. Kwa msomaji asiyeijua Kindu: mji uko pande mbili za mto. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli iko ukingo wa kulia, na watu huvuka kila siku kwenda sokoni, shuleni na ofisini. Hakuna kitu cha kawaida zaidi mjini kuliko safari hiyo, na ndiyo sababu inafaa kwa mazoezi. Ikitoka vibaya, kila mtu atajua.

Kwanza tuone programu inasoma vipi maandishi yetu. Mwezi wa Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilipoitambulisha Sora, ilitoa pia maelezo ya jinsi ilivyofunzwa. Video za mafunzo zilipewa maelezo marefu ya kile kinachoonekana ndani yake, yaliyoandikwa na programu nyingine. Kisha mtumiaji anapoandika sentensi fupi, programu ya lugha huirefusha kwanza ili ifanane na maelezo yale, ndipo video itengenezwe. Wenye programu ya Wan, ya kampuni ya Alibaba, iliyotolewa wazi kwa umma Februari 2025, nao wanashauri kurefusha agizo la mtumiaji kwa njia hiyohiyo.

Kuna mambo mawili yanayofuata hapo. La kwanza, agizo zuri linafanana na maelezo ya mtu aliyeketi mbele ya skrini akimsimulia asiyeona. Anasema kinachoonekana tu. "Abiria wana wasiwasi na mto" halionekani. "Mwanamke ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili" linaonekana. La pili, agizo la maneno sita halifiki kwenye mashine likiwa la maneno sita. Linafika limeongezwa nyama na mtu mwingine asiyewahi kukanyaga Kindu. Ukiandika maneno sabini au themanini yenye uzito, nafasi ya kuongezewa inapungua.

Tuanze na kilichomo ndani ya shoti. Mtumbwi wa kuvukia Kindu ni gogo moja lililochongwa, mrefu na mwembamba, na anayeuendesha husimama nyuma akipiga kafi ndefu. Kila neno hapo linafanya kazi. Usiposema gogo moja utaletewa mashua ya mbao zilizopigiliwa, au boti ya plastiki yenye rangi kali. Usiposema anasimama, atakaa. Na ukiandika kwa Kiingereza kwamba mtu ana `rowing`, mara nyingi utapata makasia mawili yaliyofungwa ubavuni na mtu aliyegeuza mgongo kule anakokwenda, kwa kuwa ndivyo maboti yanayoitwa hivyo yanavyoendeshwa. Kafi moja inayoshikwa kwa mikono miwili inataka `paddling` na `single-blade paddle`. Tofauti hiyo mtu wa mtoni anaijua tangu utotoni, lakini ndani ya agizo husahaulika kirahisi kwa sababu kwetu ni dhahiri mno.

Idadi ya watu ina hila yake. Programu hizi zinahesabu vizuri hadi watatu au wanne. Zaidi ya hapo abiria huongezeka na kupungua katikati ya klipu, hasa mmoja anapopita mbele ya mwenzake. Mtumbwi halisi wa saa mbili asubuhi umejaa, lakini kwa shoti yetu abiria watatu wanatosha: wanawake watatu waliofunga vikwembe, kila mmoja na jile ya rangi ya chungwa. Mizigo nayo iwe michache na yenye umbo la wazi. Bidoni mbili za njano za mawese zinatambulika mara moja na zinaiweka picha Maniema kuliko jina la mji lingeweza. Kuandika "Kindu" ndani ya agizo hakudhuru, ila usiitegemee. Kinachofanya mahali paonekane ni udongo mwekundu wa ukingo, maji ya kahawia, na miti mizito ya ng'ambo.

Sasa tufike kwenye kiini cha shughuli, yaani mwendo. Shoti ya mtoni ni mtihani mgumu kwa programu kwa sababu ndani yake mna vitu vitatu vinavyoweza kusogea kwa wakati mmoja. Mtumbwi unasogea, maji yanasogea, na kamera inaweza kusogea. Kwenye skrini mambo haya hufanana. Mtumbwi ukienda kushoto huku kamera imetulia, utaona ukingo umesimama na mtumbwi unapita. Kamera ikienda kulia huku mtumbwi umetulia, mtumbwi utaonekana ukienda kushoto vilevile, ila ukingo nao utateleza. Agizo linalosema tu "mtumbwi unateleza polepole mtoni" linaweza kutimizwa kwa njia zote mbili, na mara nyingi programu huchanganya. Matokeo ni video laini inayosumbua jicho bila mtazamaji kujua kwa nini. Mtu anapiga kafi lakini mtumbwi umeganda katikati ya fremu, na miti ya nyuma inakwenda kama inavyoonekana kutoka dirishani mwa treni.

Dawa ni kukipa kila kimoja sentensi yake. Kamera ina sentensi yake, na kitenzi chake hakihusu mtumbwi. Mtumbwi una yake. Maji yana yake. Usiweke viwili katika sentensi moja, kama "kamera ikifuata mtumbwi unaovuka maji yanayotiririka", maana hapo vitenzi vitatu vinagombania nomino moja. Kampuni ya Runway, katika mwongozo wake wa Gen-3 Alpha wa mwaka 2024, ilipendekeza agizo lianze na mwendo wa kamera, kisha nukta mbili, kisha tukio, kisha maelezo ya ziada. Si lazima kufuata alama ile ya uandishi kila mahali, lakini mpangilio wake una akili. Kamera ikisemwa mwanzoni, mengine yote yanapata pa kusimama.

Upande wa mwendo unahitaji kutajwa pia, na hapa ndipo kujua mto kunakusaidia kuliko kujua kompyuta. Lualaba hapa Kindu inaelekea kaskazini, kwenda Ubundu. Simama ukingo wa Kasuku ukitazama Alunguli: unatazama mashariki, kaskazini iko mkono wako wa kushoto, kwa hiyo maji yanapita mbele yako kutoka kulia kwenda kushoto. Na mvushaji mwenye uzoefu haelekei moja kwa moja anakotaka kufika. Anapanda kwanza na mto kandokando ya ukingo, kisha anakata maji huku mkondo ukimshusha, ili atue pale alipokusudia. Kwa hiyo kutoka Kasuku tunamwona akija kwa mshazari, anatoka kulia mbali, anakuja kushoto karibu. Hilo ndilo la kuandika. Andika kulia na kushoto kwa kufuata fremu, usifuate mkono wa mpiga kafi, na useme wazi kwamba ni upande wa fremu.

Mshazari huo una faida nyingine ambayo hujitokeza pale tu unapoichora shoti akilini. Mtumbwi mwembamba ukija ukiwa umeielekea kamera moja kwa moja, abiria wa mbele anawaficha wote walioko nyuma yake. Tunatengeneza video ya jile, na tungebaki na jile moja. Ukija kwa mshazari, ubavu unafunguka na abiria wote watatu wanaonekana.

Lingine ni muda. Veo 3 ya Google, ilipotoka Mei 2025, ilitoa klipu za sekunde nane. Programu nyingi hutoa tano hadi kumi. Hakuna mtumbwi wa kafi unaovuka Lualaba kwa sekunde nane. Ukiomba safari nzima, programu itachagua moja kati ya mambo mawili mabaya. Itaukimbiza mtumbwi kana kwamba una injini nyuma, au itauruka mto katikati kwa kukata shoti bila ruhusa yako. Omba kipande tu: mtumbwi tayari uko mtoni, unasogea urefu wake mara moja au mbili, basi. Mpiga kafi atapata mapigo matatu au manne, na mapigo hayo ukiyataja, kwamba ni ya polepole na yenye kituo, mwendo mzima unatulia. Tendo moja kwa kila mtu linatosha. Ukimwambia mwanamke wa mbele ageuke, acheke, kisha apunge mkono, utapata sura inayoyeyuka katikati ya kugeuka.

Kamera sasa. Watu hukimbilia kutaja mwendo wake kabla hawajaiweka mahali. Anza na mahali ilipo miguu ya mpiga picha. Tunaisimamisha juu ya ukingo wa Kasuku. Je, iwe chini sawa na maji? Picha ya chini inaufanya mtumbwi uonekane mkubwa na wa kutisha kidogo, lakini pua ya mtumbwi itaficha vifua vya abiria, na jile ziko vifuani. Iwe juu kabisa kama ya droni? Tutaona vichwa na mabega. Basi iwe juu ya ukingo, mita chache kutoka majini, ikiangalia chini kidogo. Hapo vifua vinaonekana, maji yanaonekana, na ng'ambo inabaki juu ya fremu. Ukubwa wa picha nao usemwe: mtumbwi wote uwe ndani ya fremu tangu mwanzo hadi mwisho. Kama video ni ya simu iliyoshikwa wima, fikiria mapema, kwa sababu mtumbwi mrefu ndani ya fremu ya 9:16 unabaki kijiti katikati ya maji mengi. Kwa shoti hii ningechagua 16:9 hata kama watazamaji wana simu mkononi.

Kisha mwendo wa kamera, ambao hapa ni kutokuwa na mwendo. Wengi wanaona aibu kuomba kamera iliyotulia, wanadhani ni ya watu wasiojua. Mimi naona ni silaha bora katika kazi hii. Kamera ikitulia, kila kinachosogea ndani ya fremu kinasogea kwa nguvu zake, nawe unaweza kuhukumu kama mtumbwi umesogea kweli. Lakini usiombe kwa kukataza. "Kamera isitikisike" na "kusiwe na droni" ni maneno yanayotia mtikisiko na droni ndani ya agizo. Programu inashika majina ya vitu kwa nguvu na inashika kukanusha kwa ulegevu. Sema unachotaka kiwepo: kamera iko juu ya stendi ya miguu mitatu. Baadhi ya programu zina kisanduku cha pembeni cha vitu visivyotakiwa. Humo andika majina ya vitu peke yake, bila "hapana" wala "bila".

Ikiwa shoti yako kweli inahitaji kamera itembee, kuna tofauti tatu za kuzishika. Kamera inaweza kugeuza uso huku imesimama palepale, na hiyo ni `pan`. Inaweza kutembea pamoja na kitu kinachopigwa picha, na hiyo ni `tracking shot`. Inaweza kuvuta picha kwa lenzi bila kusogea hata hatua moja, na hiyo ni `zoom`. Watumiaji wengi huandika ya tatu wakitaka kusogea karibu. Programu nazo huchanganya hizi, kwa sababu hata maelezo ya video zilizotumika kuzifunza yaliandikwa kwa uzembe huohuo. Chagua moja na uongeze matokeo yake kwa maneno, kwa mfano "miti ya ng'ambo inapita nyuma ya mtumbwi" kwa ile ya kutembea.

Kuhusu mtindo nitakuwa mfupi, maana neno linalopendwa kuliko yote, `cinematic`, halina kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Huleta giza, ukungu wa nyuma na rangi ya machungwa na buluu, hata pale usipotaka. Mtindo wenye maana unatokana na mahali mwanga unapotoka. Hapa kuna mtego mzuri wa Kindu. Picha inayojileta akilini ni ya asubuhi, ukungu juu ya maji, jua likichomoza nyuma ya Alunguli. Inavutia, na inaua kazi yetu. Kamera iliyoko Kasuku inatazama mashariki, hivyo asubuhi jua liko nyuma ya mtumbwi, na abiria wanakuwa vivuli vyeusi. Jile za chungwa zinakuwa jile nyeusi. Programu haitakuonya. Itakupa vivuli vizuri sana, au itadanganya kwa kuweka jua nyuma na mwanga wa ajabu mbele, kama picha ya studio. Shoti hii ni ya alasiri, jua likiwa chini mgongoni mwa kamera, likizipiga jile usoni. Baada ya hapo "rangi za asili, kama filamu ya habari za kweli" inatosha kuwa mtindo.

Lugha gani ya kuandikia? Programu nyingi kubwa hupokea Kiswahili au Kifaransa, kwa kuwa ile programu ya lugha iliyoko mlangoni huweza kutafsiri kabla ya kupeleka ndani. Tafsiri hiyo huharibu zaidi maneno ya kamera na majina ya vifaa, yaani yale tuliyoyapigania. Waliotengeneza Wan wanataja Kichina na Kiingereza. Mimi huandika kila kitu kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu hapo ndipo ninapoiona shoti, kisha agizo la kutuma ninaliweka kwa Kiingereza chepesi. Letu ni hili:

```
Static shot, camera on a tripod on top of a red earth
riverbank, looking slightly down at a wide brown river.
A long narrow dugout canoe, carved from a single log, moves
slowly on a diagonal from far right to near left of the frame.
A man stands at the stern, paddling with one long single-blade
paddle in slow, even strokes. Three women in printed wrap
cloth sit in a row, each wearing a bright orange life jacket.
Two yellow jerrycans at their feet. The current flows from
right to left. Dense green trees on the far bank. Late
afternoon, low sun behind the camera. Natural colors,
documentary footage. The whole canoe stays in frame.
```

Lina urefu wa kutosha, na hakuna sentensi inayobeba zaidi ya kazi moja. Mwenye mtandao wa Kindu ana sababu ya ziada ya kuandika kwa utulivu namna hii akiwa nje ya mtandao. Agizo lenyewe ni herufi mia kadhaa, karibu na bure kulituma. Kinachokula megabaiti ni klipu zinazorudi, na kinachokula pesa ni kila jaribio. Anayebuni huku akibonyeza analipia mawazo yake mara kumi.

Klipu ikirudi, usiulize kama ni nzuri. Itazame mara kadhaa, kila mara jicho likiwa kwenye kitu kimoja. Mara ya kwanza tazama mti mmoja wa ng'ambo, uufunike kwa ncha ya kidole kwenye skrini. Ukitoka chini ya kidole, kamera imesogea, hata kama ulihisi imetulia. Mara ya pili tazama mtumbwi dhidi ya mti huo: je, umbali kati yao unabadilika? Usipobadilika, mtumbwi haujasogea, hata kama kafi inapigwa kwa bidii. Mara ya tatu tazama povu la maji ubavuni. Hapo ndipo makosa hujificha sana. Mkondo huweza kubadili upande katikati ya klipu, au povu likatokea mbele ya kafi kabla kafi haijagusa maji. Mwisho hesabu jile katika fremu ya kwanza na ya mwisho.

Kila kosa lina sentensi yake, na ndiyo sababu tulizitenganisha. Tuseme mti umetoka chini ya kidole. Kamera ilikwishaambiwa itulie, sasa kwa nini imesogea? Tazama sentensi ya mtumbwi. Mtumbwi ukikaribia sana ukingo wa fremu, programu huugeuza uso wa kamera kuufuata, kwa kuwa video nyingi zilizotumika kuifunza zilifanya hivyo, na sisi wenyewe tumesisitiza kwamba mtumbwi wote ubaki ndani ya fremu. Maagizo mawili yanagombana. Punguza safari: badala ya kutoka kulia mbali hadi kushoto karibu, iwe kutoka kulia hadi katikati. Usiguse sentensi nyingine yoyote. Kama programu inakuruhusu kuweka `seed`, ile namba ambayo video huanzia, iache ileile, ili tofauti utakayoiona iwe imetokana na neno ulilobadili. Bila namba hiyo kila jaribio linaanza upya, na unaweza kulisifu neno ambalo halikufanya lolote.

Tuseme kosa ni la kafi: mpiga kafi anachota hewa, au kafi inapenya ubavu wa mtumbwi. Hilo maneno hayatalitibu sana. Programu hizi hazihesabu uzito wala maji, zinakisia tu picha zitakavyoonekana, na mahali kitu kigumu kinapoingia majini ni pagumu kwao mpaka leo. Unachoweza kufanya ni kupunguza kinachoonekana. Fanya kafi iingie majini upande wa mbali, ubavu wa mtumbwi uifiche, na kosa litakosa mahali pa kuonekana. Wapiga filamu wa kawaida wamekuwa wakificha vitu hivyo tangu zamani.

Ipo njia nyingine ambayo kwa mtu wa Kindu naiona bora kuliko yote tuliyosema. Programu nyingi zinakubali picha moja kuwa fremu ya kwanza. Nenda ukingoni alasiri na simu yako, omba ruhusa ya mvushaji na abiria wake, upige picha moja ukiwa umesimama pale tulipoiweka kamera. Sasa mtumbwi ni wa kweli, vikwembe ni vya kweli, Alunguli iko palepale ilipo, na nusu ya agizo letu haina kazi tena. Usirudie kueleza kilichomo pichani. Ukiandika tena "wanawake watatu" wakati programu inawaona, inaweza kuongeza wengine. Andika mwendo tu: kamera imetulia juu ya stendi, mtumbwi unasogea polepole kuelekea kushoto kwa fremu, mpiga kafi anapiga kafi kwa mapigo ya polepole, maji yanatiririka kulia kwenda kushoto. Sentensi nne.

Hapo msomaji atauliza, kama niko ukingoni na simu mkononi, si nipige video yenyewe? Ndiyo, ipige. Kwa shoti hii hasa, siku ambayo mtumbwi wenye jile tatu upo, simu inashinda programu yoyote. Programu ina nafasi yake pale ambapo jile bado hazijanunuliwa na wavushaji wanataka kuonyesha wafadhili jinsi itakavyokuwa, au unapotaka picha ya kutoka juu na huna droni, au unapoeleza jambo ambalo hakuna mwenye akili atakayeliigiza majini. Hata hilo la mwisho lina mpaka. Video ya kubuni ya mtumbwi ukizama mbele ya Kasuku, ikitoka kwenye kundi moja kwenda lingine bila maelezo, ndani ya saa moja itakuwa habari ya msiba na watu watakuwa ukingoni wakitafuta ndugu zao.

Kwa hiyo maandishi yanayosema kwamba picha hii imetengenezwa na akili mnemba yawe ndani ya video yenyewe, yasibaki kwenye ujumbe ulioambatana nayo, kwa maana ujumbe huweza kupotea video ikitumwa upya. Yaandike kwa programu ya kuhariri baada ya klipu kukamilika, pamoja na maneno "Vaa jile kabla ya kupanda". Usiyaombe ndani ya agizo. Programu za video bado hukosea herufi, na kwa Kiswahili hukosea zaidi. Neno "jile" linaweza kurudi likiwa na herufi ambazo hazimo katika alfabeti yoyote. Weka maandishi sehemu ya juu ya fremu, juu ya miti ya ng'ambo. Chini kuna maji yanayong'aa ambayo yatayameza, na ndiko simu nyingi huweka vitufe vyake.